Jinsi ya Kuhakiki Pembe Mraba za Msingi Kabla ya Kuchimba

Katika ujenzi wa nyumba ya kuishi ipo hatua moja isiyotumia saruji wala tofali, nayo hufanyika kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Ni hatua ya kutandaza kamba na kuhakiki kwamba kona za nyumba ni pembe mraba, au kama mafundi wanavyosema, kwamba nyumba imekaa skwea. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Ikikosewa, kosa hufunikwa na zege, hujengewa ukuta juu yake, kisha hujitokeza tena miezi kadhaa baadaye wakati wa kupaua au kuweka marumaru, pale ambapo kuliondoa kunamaanisha kubomoa.

Ni vema ieleweke mapema kuwa nyumba isiyo skwea haianguki kwa sababu hiyo pekee. Hasara yake ni ya namna nyingine. Bati huwekwa kwa kufuata mstari wa ukingo wa paa, hivyo kona za nyumba zikiwa zimepinda, bati la mwisho huzidi upande mmoja na kupungua upande wa pili, na fundi hulazimika kulikata kwa mshazari. Sakafuni, safu ya kwanza ya marumaru huanza vizuri ukutani, lakini kadiri inavyosonga mbele nafasi kati ya marumaru na ukuta wa pembeni huongezeka au hupungua, hata safu ya mwisho ikawa vipande vyembamba vilivyochongoka kama kabari. Kabati lililotengenezwa kwa pembe mraba huacha mwanya likisogezwa konani. Gharama hizo zote humwangukia mwenye nyumba, tena baada ya fundi aliyepanga msingi kulipwa na kuondoka.

Kanuni inayotumika kuzuia hayo ni ile ile iliyofundishwa shuleni kwa jina la Pithagorasi: katika pembetatu yenye pembe mraba, kipeo cha pili cha upande mrefu ni sawa na jumla ya vipeo vya pili vya pande mbili fupi. Tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, na jumla yake ni 25, ambayo ni tano mara tano. Hata hivyo, fundi anapokuwa kiwanjani huitumia kanuni hiyo kwa kuigeuza. Mwanafunzi huambiwa kuwa pembe ni mraba kisha hutafuta urefu wa upande wa tatu. Fundi hana uhakika na pembe. Anao urefu wa pande tatu, naye anataka urefu huo umthibitishie pembe. Hayo ni madai mawili tofauti, na kila moja linahitaji uthibitisho wake. Yuklidi, mwanahisabati wa Kiyunani aliyeandika takriban miaka 300 kabla ya Kristo, aliyatenganisha katika kitabu cha kwanza cha kazi yake iitwayo Misingi: kanuni ya shuleni ni pendekezo la 47, na kanuni ya fundi ni pendekezo la 48, la mwisho katika kitabu hicho.

Sababu ya kanuni ya fundi kuwa ya kweli inaweza kuonekana katika mlango wa mbao. Mlango uliounganishwa kwa mbao nne tu huanza kulegea na kuinama upande mmoja, ingawa hakuna ubao uliobadilika urefu. Seremala akipigilia ubao wa tano kutoka kona hadi kona, mlango hutulia, kwa kuwa sasa una pembetatu ndani yake. Pande nne zinaweza kuinama huku zikibaki na urefu wake, lakini pande tatu haziwezi. Ukishachagua mita 3, mita 4 na mita 5, umbo linalopatikana ni moja tu. Na kwa kuwa pembetatu yenye pembe mraba iliyo kati ya pande za mita 3 na mita 4 lazima iwe na mita 5 upande wa tatu, basi umbo hilo moja ndilo lenye pembe mraba.

Maandalizi ya kiwanja

Kamba za msingi hazifungwi kwenye vigingi vilivyosimama mahali penyewe pa kona, kwa sababu vigingi hivyo vitang'olewa mtaro utakapochimbwa. Badala yake husimamishwa mbao za profaili nje ya eneo la nyumba, kiasi cha mita moja hadi moja na nusu kutoka mahali pa mtaro. Kila kona hupata profaili mbili, moja kwa kila uelekeo wa ukuta. Juu ya ubao hupigwa msumari, kamba hufungwa kwenye msumari huo na kuvutwa hadi profaili ya upande wa pili. Kona ya nyumba ni pale kamba mbili zinapokutana hewani, na timazi likiteremshwa kutoka makutano hayo huonyesha mahali pake ardhini. Faida ya mpangilio huu ni kwamba kamba zinaweza kufunguliwa ili wachimbaji wapite, kisha zikarudishwa kwenye misumari ile ile bila kupima upya.

Kamba ya kwanza ni ya ukuta wa mbele. Hii hupangwa kwa kupima kutoka bikoni za kiwanja, kwa umbali ulioonyeshwa katika ramani iliyoidhinishwa na Halmashauri wakati wa kutoa kibali cha ujenzi. Mwenye nyumba asishtuke akiona namba kama 8000 na 10000 katika ramani hiyo. Vipimo vya ramani za majengo kwa kawaida huandikwa kwa milimita, hivyo hizo ni mita 8 na mita 10. La kukubaliana na fundi mapema ni iwapo kamba inawakilisha uso wa nje wa ukuta au katikati yake. Lolote litakalochaguliwa lifuatwe pande zote nne.

Kamba ya mbele ikishakazwa, fundi huweka alama ya kona ya kwanza juu yake, kisha hupima mita 3 kutoka kwenye alama hiyo na kuweka alama nyingine, kwa kalamu ya wino mzito au kwa uzi mwembamba uliofungwa juu ya kamba. Kamba ya pili, ile ya ukuta wa pembeni, huvutwa ipite juu ya kona hiyo, na juu yake hupimwa mita 4. Kisha futi kamba huwekwa kati ya alama mbili hizo. Msaidizi aliye mwisho wa kamba ya pembeni huisogeza kushoto au kulia mpaka umbali kati ya alama usomeke mita 5 kamili. Kipimo kikizidi mita 5, pembe imepanuka kupita kiasi. Kikipungua, pembe imebana. Msumari hupigwa pale kamba ilipotulia.

Kwa futi hesabu ni ile ile, yaani futi 6, 8 na 10, au 9, 12 na 15. Lisilokubalika ni kupima upande mmoja kwa futi na mwingine kwa mita, jambo linalotokea kwa urahisi kwa kuwa futi kamba nyingi zina vipimo vyote viwili ubavuni.

Pembetatu ndogo na nyumba kubwa

Hadi hapo mafundi wengi wanaifahamu kazi. Palipo na tatizo ni ukubwa wa pembetatu inayotumika. Kwenye maeneo mengi ya ujenzi huonekana guni la mbao lililotengenezwa na fundi mwenyewe, lenye pande za sentimita 60, 80 na 100. Fundi hulisogeza konani, hulinganisha kamba na kingo zake, na kutangaza kuwa kona iko sawa. Hesabu ya guni hilo ni sahihi kabisa, maana ni tatu, nne na tano zilizozidishwa kwa 20. Lakini kosa dogo katika kifaa kifupi hukua kadiri ukuta unavyorefuka.

Ikiwa upande mrefu wa guni hilo una urefu wa sentimita 100.5 badala ya 100, yaani umezidi kwa nusu sentimita tu, kamba iliyofuata guni hilo itakuwa imetoka nje ya mstari wake kwa zaidi ya sentimita 10 ikifika mita 10. Nusu sentimita si kitu kwa guni la mbao lililoachwa juani na kunyeshewa mvua. Msumari uliolegea unatosha kuileta. Sasa pembetatu ikiwa ya mita 3, 4 na 5, hata fundi akikosea sentimita 1 nzima katika kusoma upande mrefu, mwisho wa mita 10 kosa litakuwa sentimita 4 hivi. Akitumia mita 6, 8 na 10, kosa hilo hilo la sentimita 1 litazaa takriban sentimita 2. Kwa hiyo guni lina kazi yake katika kona za ndani, kwenye vyoo na vyumba vidogo, lakini kona za msingi zipangwe kwa pembetatu kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Pembetatu iliyo kubwa kuliko zote ni nyumba yenyewe. Pande zake mbili fupi ni ukuta wa mbele na ukuta wa pembeni, na upande mrefu ni ulalo, yaani mstari kutoka kona moja hadi kona inayoikabili. Hapa namba hazitakuwa tatu, nne na tano isipokuwa kwa bahati, kama katika nyumba ya mita 9 kwa 12 yenye ulalo wa mita 15. Kwa nyumba nyingine simu ya mkononi yenye kikokotoo inatosha.

Mfano wa nyumba ya mita 10 kwa 8

Ichukuliwe nyumba ambayo ukuta wake wa mbele ni mita 10 na kina chake ni mita 8. Kona za mbele ziitwe A na B, kushoto na kulia kwa mtu anayeitazama nyumba kutoka barabarani. Kona ya nyuma ya A iitwe D, na ya nyuma ya B iitwe C. Kumi mara kumi ni 100, nane mara nane ni 64, jumla ni 164, na kipeuo cha pili cha 164 ni 12.806. Kila ulalo, A hadi C na B hadi D, unapaswa kuwa mita 12, sentimita 80 na milimita 6. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla ya kwenda kiwanjani.

Fundi amepanga kona A kwa guni lililotajwa hapo juu. Mwenye nyumba amefika na kukuta kamba zote nne zimekazwa na chokaa iko tayari kumwagwa. Kwa macho kila kitu kiko sawa, maana jicho haliwezi kuona upungufu mdogo kama huo katika umbo kubwa. Anaomba pande zipimwe: mbele mita 10, nyuma mita 10, pembeni mita 8 na mita 8. Kisha anasema, "Fundi, tupime na ulalo." Ulalo wa B hadi D unasomeka mita 12.87. Ulalo wa A hadi C unasomeka mita 12.74. Tofauti ni sentimita 13.

Vipimo hivyo vinaeleza kila kitu. Pande zinazokabiliana ni sawa, kwa hiyo umbo ni msambamba ulioinama, kama ule mlango usio na ubao wa ulalo. Ulalo mrefu ni B hadi D, kwa hiyo kona D imekimbilia kushoto, mbali na B, na kona C imeifuata. Hakuna haja ya kung'oa kila kitu na kuanza upya. Kamba ya mbele ibaki ilivyo, na kamba ya nyuma ibaki ilivyo. Kinachosogezwa ni ncha za nyuma za kamba mbili za pembeni, zote mbili kuelekea kulia, kwa kiasi kile kile.

Kwa vitendo, fundi husogeza kwanza kwa nusu ya tofauti, kisha hupima tena. Katika mfano huu nusu ya sentimita 13 ni sentimita 6 na nusu. Baada ya kusogeza kiasi hicho, tofauti ya ulalo inabaki karibu sentimita 3. Anasogeza tena sentimita 1 na nusu hivi, na tofauti inashuka chini ya sentimita 1. Kwa jumla kona za nyuma zimehama kwa takriban sentimita 8, na kina cha nyumba hakikubadilika hata kwa milimita moja. Laiti zisingehamishwa, ukuta wa pembeni ungemaliza mita zake 8 ukiwa umepinda kwa sentimita hizo 8, na katika chumba cha mita 4 safu ya marumaru ingekuwa imeachana na ukuta kwa sentimita 4.

Tofauti ya ulalo ikibaki sentimita 1 katika nyumba ya ukubwa huu, maana yake ukuta wa mita 8 umepinda kwa milimita 6 tu. Lipu itaimeza. Kuhangaika zaidi ya hapo kwa kamba na vigingi ni kupoteza asubuhi.

Ulalo kuwa sawa hakutoshi peke yake

Wapo wanaopima ulalo mbili, wakazikuta sawa, wakaridhika. Hilo ni kosa. Ikiwa ukuta wa nyuma umepimwa mita 9.90 badala ya 10, na upungufu umegawanyika sawasawa kushoto na kulia, ulalo zote mbili zitalingana kabisa, ilhali kona zote nne si mraba: nyumba ni pana mbele na nyembamba nyuma. Ndiyo sababu pande nne hupimwa kwanza, na ulalo hufuata. Pande zinazokabiliana zikilingana na ulalo zikalingana, umbo ni mstatili na haliwezi kuwa jingine. Ulalo ukilingana pia na namba iliyokokotolewa, hapo hata vipimo vya pande vimethibitishwa.

Nyumba yenye umbo la herufi L haina ulalo mmoja wa kupima. Hugawanywa katika mistatili miwili kwa kamba ya ziada, na kila mstatili huhakikiwa peke yake. Baraza na vyumba vya ndani hupimwa kutoka kwenye kamba kuu zilizokwisha hakikiwa.

Viwanja vya mteremko

Kanuni nzima inasimama juu ya sharti moja: vipimo vyote viwe vya ulalo wa maji, yaani visipande wala kushuka. Katika kiwanja cha mteremko, futi kamba ikilazwa juu ya ardhi hupima urefu wa mteremko wenyewe, nao ni mrefu kuliko urefu wa nyumba. Ardhi ikishuka mita 1 katika mita 10, kipimo cha mita 10 kilichochukuliwa ardhini kitatoa ukuta uliopungua kwa takriban sentimita 5. Kibaya zaidi, mteremko hauwi sawa kila upande, hivyo ulalo mmoja huathirika kuliko mwingine, na fundi akaanza kusahihisha kosa ambalo halipo.

Dawa yake ni kuzifanya mbao za profaili ziwe za kimo kimoja kwa kutumia mpira mwembamba wenye maji, ule unaoonyesha usawa wa maji katika ncha zake mbili. Upande wa juu wa kiwanja mbao zitakaribia ardhi, na upande wa chini zitasimama juu kwa vigingi virefu. Kamba zikifungwa hapo zitakuwa zimelala sawa, na vipimo vyote vichukuliwe juu ya kamba. Timazi ndilo litakaloteremsha kona hadi chini.

Futi kamba nayo ichunguzwe. Zile za kitambaa hurefuka kwa kuvutwa na umri, na nyingi hukatika mwanzoni. Fundi mwenye futi kamba iliyokatika huanzia kwenye alama ya sentimita 10, jambo ambalo ni sahihi ilimradi aongeze sentimita 10 kila mwisho. Akikumbuka katika pande tatu na kusahau katika upande wa nne, ulalo ndio utakaomfichua. Ulalo mrefu wa mita 12 au 13 huning'inia katikati, na kipimo kikawa kirefu kuliko umbali halisi. Uvutwe kwa nguvu ile ile mara zote mbili, au mtu mmoja auinue katikati. Kamba ya nailoni haifai kupimia umbali kwa kufunga mafundo, kwa kuwa hurefuka kadiri inavyokazwa.

Baada ya kuhakiki, chokaa au majivu humwagwa kufuata kamba, na uchimbaji huanza. Uhakiki wa pili hufanyika zege la chini likishakauka: kamba hurudishwa kwenye misumari ya profaili, ulalo hupimwa upya, kisha kozi ya kwanza ya tofali hupangwa kwa kufuata timazi. Profaili iliyogongwa na toroli au kukaliwa na wachimbaji hujulikana hapo, na tofali za kozi ya kwanza bado zinaweza kusogezwa kwa mkono kabla udongo wa saruji haujashika. Mbao za profaili zisiondolewe mpaka kozi hiyo imekamilika pande zote na ulalo wake, kona ya tofali hadi kona ya tofali, umesomwa mara ya mwisho.